Siki ya Mwalimu Tsvetana

Katika mji ule wa bonde la Rositsa, kaskazini mwa Bulgaria, hapakuwa na mtu aliyeichukia siki kama Tsvetana Drumeva, mwalimu wa kemia. Si siki yenyewe. Turshiya ya mumewe, mboga zilizolowekwa kwenye siki, aliila kwa pupa kila msimu wa baridi. Alilichukia jina. Mwanafunzi aliyesema "siki" darasani alisimama hadi akumbuke kusema "asidi ya ethanoiki". Hata mumewe, Bozhidar, akiuliza siki iko wapi, alijibiwa kwamba nyumba hii haina kitu cha jina hilo.

"Jina la mtaani ni lakabu tu," alizoea kusema. "Lakabu haikuambii mtu ana mikono mingapi. Jina la kemia ni picha yake."

Vuli moja akawapa wanafunzi kazi ya kuandika upya menyu ya kantini kwa majina sahihi, na akaibandika mlangoni kwa mkono wake. Kabichi ikawa imelowekwa katika asidi ya ethanoiki na kloridi ya sodiamu. Banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, ikawa imeumuliwa kwa hidrojenikaboneti ya sodiamu. Aliitazama kazi hiyo, moyo ukamjaa.

Siku ya pili nusu ya watoto walikuja na mikate ya nyumbani. Siku ya tatu mkurugenzi Kiril Manchev, mtu aliyeogopa wazazi kuliko moto, akaitisha mkutano.

"Mnawalisha wanetu asidi!" alifoka Plamen, mzazi mwenye karakana ya matrekta. "Mimi asidi naitia kwenye betri!"

Tsvetana akasimama, akatulia kama yuko darasani. "Sikilizeni. 'Eth' maana yake kaboni mbili. 'An', kaboni hizo zimeshikana kwa kifungo kimoja. 'Oiki', ile ya mwisho imebeba oksijeni mbili na hidrojeni moja, ndiyo maana inakuwa asidi. Jina limewaeleza kila kitu."

"Kaboni!" mama mmoja akashika kichwa. "Kumbe na makaa wanakula!"

Ukumbi ukawaka. Kiril akamvuta mwalimu sketi. "Mama wee, nakuomba. Liseme."

"Sisemi."

"Tsvetana!"

Akawageukia wazazi. "Ni siki," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi uwanjani. Plamen alifuta machozi. "Sasa mwalimu, si ungesema tu!"

Kiril naye, kwa kuwa amenusurika, akajifanya shujaa. Akaagiza kwamba jikoni kila kitu kiandikwe jina wanalolijua watu, na lugha ya maabara ibaki maabara. Fundi wa usafi akatii: kopo la dawa ya kuzibulia mabomba ya jikoni, lililokuwa na karatasi ya kiwandani iliyoandikwa hidroksidi ya sodiamu, akaichana karatasi na kuandika kwa wino mnene: SODA. Hakudanganya. Mji mzima huiita soda.

Wiki haikwisha. Tsvetana aliingia jikoni kuomba chai, akamkuta Penka mpishi ameinamia bakuli la mtindi.

"Ajabu, mwalimu. Nimetia soda, haitoi povu hata kidogo. Na bakuli linapata moto."

Tsvetana alitazama ndani ya kopo. Chembe nyeupe, za mviringo kama shanga. Soda ya mikate ni unga.

"Penka, weka kijiko chini. Usionje! Umegusa?"

"Sijagusa. Kuna nini?"

"Hiyo ya mikate ina kaboneti, ndiyo inayotoa povu ikikutana na uchachu wa mtindi. Hii haina. Hii inachoma koo likaisha."

Penka akakaa juu ya gunia la viazi. "Lakini imeandikwa soda."

"Ndiyo," alisema Tsvetana. "Zote mbili."

Mtindi ulimwagwa, kopo likahamishiwa chumba cha usafi chini ya kufuli. Kiril akatoa agizo jipya: majina mawili kwenye kila kopo, la nyumbani na la kemia. Alilisoma mbele ya walimu kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu utotoni. Plamen mwenyewe alikuja kumpa mkono mwalimu, na kwa mara ya kwanza Tsvetana akajisikia mshindi.

Ushindi ulidumu hadi masika. Mkaguzi mpole kutoka Sofia, Profesa Yordanka Lazova, alikaa nyuma ya darasa, akasifu somo, kisha akamwita pembeni.

"Kitu kidogo tu, mwenzangu. Ethanoiki si kosa. Ila chama cha kimataifa cha wanakemia chenyewe, pamoja na kanuni zake zote, kinapendelea asidi ya asetiki."

"Asetiki linaeleza nini? Kaboni ngapi?"

"Halielezi. Limetoka Kilatini." Profesa akakohoa kidogo. "Acetum. Yaani siki."

Jioni hiyo Bozhidar aliuliza, kwa mazoea, akitazamia kufokewa, kama siki ipo. Mkewe alimsogezea chupa.