Kitambaa cha Mke Mwenzangu

Aliyeniponza ni mke mwenzangu, wala simfichi. Damu ya pua ilinitoka nikitwanga kisamvu. Akaja mbio, akanisokomezea kipande cha kanga puani kwa kidole chenye jipu. "Usikitoe, dada, mpaka damu isahau njia."

Nikakaa nacho siku mbili. Homa ikanivaa, nikatapika, ngozi ikawa nyekundu kama nimebabuliwa na jua, nikaanguka. Nilizinduka baada ya wiki nzima hospitalini Lindi, kitambaa kimeshatolewa.

Daktari akanieleza: "Mama, vijidudu vya jipu vilitoa sumu kwenye kitambaa. Kwa kawaida askari wa mwili huonyeshwa kwanza kipande cha adui na chembe nyingine, mwonyeshaji, na wachache wanaokitambua ndio huamka. Sumu hii haifuati utaratibu huo. Inamshika mwonyeshaji na askari ubavuni, inawafunga pamoja, na askari wengi mno wanaamka kwa mpigo. Kemikali wanazomwaga ndizo zilizoshusha presha yako."

"Mbona yeye mwenye jipu ni mzima?"

"Huenda damu yake ina kinga ya sumu hiyo. Yako haikuwa nayo."

Hata kinga kanizidi! Mume wetu, kasimama mlangoni, akacheka. "Bi mdogo ana damu nzuri."

Viganja vyangu vilikuwa vinabanduka ngozi. Nikamwomba daktari aniruhusu siku ileile, maana zamu yangu ilikuwa inaliwa nyumbani. Akakataa. Mume akaaga upesi, akinukia udi ambao sikuuchoma mimi.