Ukumbi Uliopotea Daftarini

Miaka ile nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli ndogo hapa Likasi, yenye vyumba kumi na vinne na ukumbi mmoja wa sherehe. Baba yangu aliendelea kupanda baiskeli kila asubuhi kwenda kiwandani, ingawa mishahara ilikuwa imekoma na mashine nyingi zilikuwa kimya. Nyumbani tulikuwa saba, na siku nyingi tulikula kile nilichorudi nacho kutoka jikoni mwa hoteli. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa naogopa kupoteza nini.

Kukodi ukumbi kulikuwa na utaratibu wake. Mteja alikuja mwenyewe, maana simu zilishakufa. Alilipa avansi ya kushika siku, nami nikamwandikia hati katika kitabu chenye karatasi ya kaboni. Hati ya juu, yenye muhuri na saini yangu, aliondoka nayo, na nakala ilibaki kitabuni. Kisha niliandika jina lake katika daftari kubwa la mezani. Daftari hilo ndilo alilolitegemea jeran, msimamizi wetu, kujua siku zipi zimeshachukuliwa.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kutoka Kakanda, vumbi la lori limemjaa mpaka kwenye kope, akachukua ukumbi kwa arusi ya binti yake. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe alirudi kuhakikisha. Nilimwonyesha jina lake.

"Iko sawa, baba," nilimwambia. "Mutakuya tu na bibi arusi."

Alicheka, akakunja hati yake mara nne, akairudisha ndani ya koti.

Juma hilohilo daftari liliisha. Kupata jipya ilikuwa shida, kwa hiyo jeran alileta daftari la shule, akaniambia nihamishe nafasi zote zilizobaki. Asubuhi hiyo nilisikia kwamba unga unauzwa karibu na stesheni. Nilinakili nikiwa nimesimama, macho mlangoni, nikaruka mstari mmoja. Daftari la zamani lilikwenda nyumbani kwa jeran, na mke wake akaliuza ukurasa kwa ukurasa kwa akina mama wanaofungia karanga.

Kwa hiyo mnunuzi mmoja wa madini alipotaka ukumbi Jumamosi ileile ya arusi, jeran alifungua daftari jipya, akaona siku iko wazi, akampa.

Mwalimu alifika mchana, moja kwa moja kutoka kanisani. Wageni walikuwa nyuma yake kwa miguu, wanawake wanaimba, masufuria yako kichwani. Ndani ya ukumbi watu wengine walikuwa tayari wanakula. Nyimbo zilikatika palepale getini. Jeran aliwaambia kwamba hana la kufanya. Walirudi kwenye ua wa parokia, na kabla hawajamaliza kupakua chakula mvua ilinyesha. Baadaye nilisikia kwamba jamaa za bwana arusi, watu wa mjini hapa, waliondoka bila kula. Mjomba wa bwana arusi alisema mbele ya wote kwamba mwalimu hakuwahi kukodi kitu, na kwamba pesa walizomchangia kwa ajili ya ukumbi amezila.

Jumanne mwalimu alileta barua kwa mkono wake. Watu wa hadhi yake waliandika mambo kama hayo kwa Kifaransa. Yeye aliandika Kiswahili, kile alichofundisha darasani, chenye herufi zilizolala upande mmoja. Alitaja siku aliyolipa, siku aliyorudi kuhakikisha, na saa aliyofukuzwa getini. Kisha akaandika: "Ninaomba mambo matatu. Mnipe ukumbi siku nyingine bila malipo, niwakaribishe wakwe zangu. Mnifidie unga na vinywaji vilivyoharibika, kwa vitu, maana avansi niliyowapa leo hainunui hata kiberiti. Na mniandikie kwamba nilikuwa na nafasi kwenu, ili nisiitwe mwongo." Chini kabisa aliongeza kwamba nakala imepelekwa kwa mwenye hoteli.

Nilifungua kitabu cha kaboni. Nakala yake ilikuwa pale, buluu, inasomeka yote. Nilimpelekea jeran.

Aliitazama, akafunga kitabu.

"Weye njo ulisahau," aliniambia, akininyoshea kidole. "Nikisema kweli, kesho uko nyumbani. Andika kwamba tulitafuta katika daftari, hatukuona jina."

"Lakini iko hapa, patron."

"Katika daftari iko?"

"Hapana."

"Basi andika."

Niliandika. Kila neno lilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Niliisaini, nikapiga muhuri uleule.

Mwalimu alikuwa amesharudi Kakanda. Aliyekuja kuchukua jibu kwa niaba yake, akitaka kujionea mwenyewe, alikuwa yule mjomba wa bwana arusi. Nilimkabidhi bahasha. Aliifungua palepale kwenye kaunta, akasoma, akaiweka mfukoni bila kuaga.

Siku tisa baadaye mwalimu aliingia akiwa na mwenye hoteli, mama mjane aliyekuwa na duka la vitenge sokoni. Mwalimu hakuketi. Aliweka hati yake juu ya kaunta, na kando yake jibu letu aliloletewa na mjomba.

Jeran aliiinua hati kwenye mwanga. "Siku hizi batu banatengeneza mihuri kila pahali," alisema.

Mama mwenye hoteli alinigeukia mimi.

"Hii maandiko ni ya nani?"

Jeran alikuwa ananitazama. Nilisema, "Inafanana na yangu, mama."

"Inafanana?"

Mwalimu alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekaririshwa darasa. "Mwanangu," alisema taratibu, "weye njo uliniambia nikuje tu na bibi arusi."

Hapo nilitoa kitabu cha kaboni chini ya kaunta. Mama alikifunua mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika kwenye ile ya buluu.

Mama alikubali kumpa ukumbi Jumapili yoyote, pamoja na chakula cha watu arobaini. Alikubali magunia mawili ya unga na kreti sita za vinywaji.

"Unga nitachukua, mama," mwalimu alisema, "sababu ni haki yangu. Ukumbi nitafanyia nini sasa? Bakwe bangu habatakuya. Munipe ile karatasi tu."

Niliketi kwenye taipu, nikaandika kwamba nafasi yake ilikuwa imethibitishwa, kwamba kosa ni la hoteli, na kwamba jibu la kwanza halikuwa la kweli. Niliichomoa karatasi, nikashika kalamu nisaini.

"Huyu asisaini," mwalimu alisema.

Alisaini mama. Jeran alibaki na kazi yake, nami nikabaki na yangu, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutafuta watu wengine. Jioni ile nilibeba wali nyumbani kama kawaida. Baba aliniuliza mbona sili.

Mwezi uliofuata mwalimu alikuja kuchukua kreti za mwisho. Nilimwuliza kama wakwe waliisoma barua ya mama.

"Mujomba aliisoma," alijibu akiwa anahesabu chupa. "Akasema ya kwanza ilitoka kabla sijagombana na hoteli, hii ya pili nimeinunua."

Binti yake alikaa katika nyumba ya wakwe hao. Alizaa pale watoto watatu, na kila palipozuka ugomvi, hata wa chumvi, walimwita mtoto wa mwongo. Haya niliambiwa na jirani yao, aliyeuza mboga karibu na hoteli na hakujua kwamba barua ile ya kwanza niliiandika mimi. Sikumwambia.