Ufunguo wa Jepkoech Usioonekana

Ufunguo wenyewe ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na Jepkoech alikuwa ameshauchomoa na kuuchomeka kwenye laptopu mara tisa.

Kazi yake ni kutunza seva ya ushirika wa maziwa. Yeye anakaa ofisi ya Bahati, seva iko Nakuru mjini. Kila jioni hupanga humo malori ya kesho, lipi lipite kwa mkulima gani. Sasa Thuo, mkubwa wao, alikuwa ametangaza: saa kumi kamili anafuta funguo zote za zamani za SSH, zile za kuingilia seva kutoka mbali. Asiyetuma ya aina mpya, ile isiyofungua bila kifaa cha USB, atabaki nje, na maziwa ya watu yataharibikia barabarani.

Jepkoech akaandika tena amri ya kutengeneza ufunguo, `ssh-keygen -t ed25519-sk`. Ikamwambia aguse kifaa. Kifaa hakikuwaka. Kisha ikamtupia yale yale: `Key enrollment failed: device not found`.

"Kifaa hakuna? Na hiki nimechomeka ni nini!"

Saa tisa na nusu akampigia Ooko, mwenzake wa tawi la mjini, aliyemaliza yake asubuhi.

"Niaje, umemaliza?"

"Nimemaliza uvumilivu. Inasema hakuna kifaa."

"Uko na libfido2, ile programu ya kusoma kifaa?"

"Niko nayo."

"Badilisha USB."

"Nimebadilisha mpaka mashimo yamelegea, Ooko."

"Ama umechomeka flashi ya nyimbo za kwaya?"

"Nitakukatia simu."

"Haya, haya. Piga `lsusb`, ile ya kuorodhesha vilivyochomekwa, nisomee."

Akasoma. Mistari miwili tu, ya mashimo ya USB yenyewe, bila kitu kilichochomekwa.

"Na mausi?"

"Mausi haiko."

"Hiyo umeshika mkononi ni nini, mandazi?"

Jepkoech akatazama jina lililo mwanzoni mwa mstari wa amri: lilikuwa la seva, si la laptopu. Bahati stima hupotea bila hodi, kwa hivyo kila asubuhi yeye huingia kwenye seva kwanza, na kufanya kazi zote humo ndani ili zisipotee laptopu ikizima. Amri zake zote zilikuwa zimeenda mjini. Seva ilikuwa inatafuta ufunguo kwenye mashimo yake yenyewe, huku ufunguo uko Bahati. Akamwambia Ooko.

"Wewe mama," Ooko akacheka, "unabisha nyumba ya jirani ukitafuta mlango wako!"

Jepkoech akaiweka simu mezani. Akafungua dirisha jipya, la laptopu yenyewe, akaandika amri ile ile. Ufunguo ukaanza kumeta. Akaugusa. Faili mbili zikazaliwa. Akatuma ile ya `.pub`, nusu ya ufunguo inayowekwa kwenye seva, kwa Thuo, saa kumi kasoro dakika sita.

"Imeingia. Jaribu," Thuo akajibu.

Akajaribu. Ukameta, akaugusa, seva ikafunguka.

Wala hakutabasamu. Mchana wote ulikuwa umeenda, ratiba ya malori haikuwa na hata mstari mmoja, na kwenye simu Ooko alikuwa bado anacheka.