Ijumaa ya Bwana Mbaluka

Ndila alikuwa na kinyongo cha miaka minane, na alikitunza kuliko watu wengine wanavyotunza shamba la mahindi. Alikipalilia, akakitilia mbolea, wala hakumwambia mtu.

Leo ukifika katika ile hospitali ndogo ya binafsi pale Matiliku, utaambiwa yeye ndiye afisa wa wafanyakazi. Utamkuta mezani, sweta limefungwa vifungo vyote, faili zimepangwa. Lakini zamani alipiga deki korido hizo hizo kwa magoti. Mwaka mmoja mishahara ikachelewa, na msimamizi wa hospitali, Bwana Mbaluka, akawaambia wafanyakazi kwamba benki ina shida kidogo, pesa zitaingia Ijumaa. Ijumaa ikafika, akasema Ijumaa ijayo. Alisema hivyo mara nne, tena kwa tabasamu.

Wiki hizo hizo mama yake Ndila alikuwa na presha ya jicho, na madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi Kitui. Nauli na gharama ya upasuaji vilikuwa ndani ya mshahara ule. Ndila akamwambia mama asubiri. Madaktari walifunga kambi wakaenda zao, mama bado anasubiri, na kabla ya mwaka kuisha jicho la kulia lilikuwa limezima kabisa.

Basi Ndila akasoma diploma kwa taabu na mikopo ya chama cha akina mama, akaomba kazi ya ofisini pale pale. Watu walidhani anaipenda hospitali. Kumbe alikuwa akimngojea Mbaluka.

Nafasi ilikuja Novemba. Kampuni ya bima ilikuwa haijalipa madai ya wagonjwa wa Septemba, na bila pesa hizo mishahara ya Novemba haikuwepo. Ndila alifungua daftari la kupokelea faili akaona kila kitu. Madai yalifika kwa msimamizi tarehe tatu Oktoba yakisubiri saini yake tu. Yalitoka tarehe ishirini na tisa. Siku zote hizo Mbaluka alikuwa akizunguka kwenye harambee za Kilungu na Kibwezi, maana alitaka kugombea kiti uchaguzi ujao. Ndila alisoma mstari ule mara tatu, na raha aliyoisikia hata yeye ilimwogopesha.

"Madam Ndila," Mbaluka akamwambia Alhamisi, "tuandikie memo kidogo. Sema system ya benki imesumbua. Pesa ni Ijumaa."

"Ijumaa gani, Bwana Mbaluka?"

"Wewe andika tu Ijumaa. Watu wakitulia, si ndio management?"

Ndila akaitikia ndiyo. Kisha akafunga mlango, akampigia mwenye hospitali, Daktari Wavinya, aliye Nairobi, akamweleza yote bila kuongeza chumvi. Daktari akauliza bima wamesema nini. Ndila alikuwa ameshawapigia. Malipo yangetoka katikati ya Desemba, lakini hawakutaka kutaja siku. Pesa zilizokuwepo zilitosha nusu ya mshahara kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

"Andika hivyo hivyo," Daktari akasema. "Na Mbaluka ndiye atakayesoma. Asipunguze neno."

Sasa, katika hospitali ile kila Jumatatu saa moja na nusu wafanyakazi hukusanyika kwa maombi. Wimbo, neno fupi, matangazo, halafu wote wanasema neema pamoja na kutawanyika. Neema ikishasemwa, kikao kimekwisha. Hakuna Mkristo wa Matiliku atakayeuliza swali baada ya neema. Mbaluka alilijua hilo kuliko mchungaji. Habari mbaya alikuwa akizitupa dakika ya mwisho, kisha anafumba macho upesi na kuanza, "Neema ya Bwana wetu..." Hivyo ndivyo zilivyopita Ijumaa zote nne.

Lakini anayepanga zamu za maombi ni afisa wa wafanyakazi. Jumatatu hiyo, siku sita kabla ya mwisho wa mwezi, Ndila alijiandika yeye mwenyewe kufunga kwa neema.

Mbaluka alipewa karatasi wakati wimbo unaisha. Aliona sahihi ya Daktari chini, akasoma. Kwamba mishahara ya Novemba haitalipwa yote kwa wakati. Kwamba nusu italipwa tarehe ishirini na nane na nusu iliyobaki inategemea malipo ya bima, yanayotarajiwa katikati ya Desemba, na siku kamili haijulikani bado. Kwamba madai yalichelewa kupelekwa kwa kosa letu, si la benki. Kwamba utawala unaomba radhi. Kwamba mwenye deni la kodi au karo achukue barua kwa Ndila ampelekee anayemdai. Na kwamba habari zinazofuata zitatolewa hapa hapa Jumanne tarehe mbili Desemba, saa mbili asubuhi, hata kama hakuna jipya.

Akakunja karatasi. Akafumba macho. "Neema ya Bwana..."

"Neema ni yangu leo," Ndila akasema. "Na bado sijaisema. Kuna swali?"

Mbaluka akafumbua macho.

Muthama wa maabara, mtu mpole asiyependa maneno, akainua mkono. "Imesemwa kosa letu. Mimi sikukosa. Letu ni la nani?"

Mbaluka akamtazama Ndila, na Ndila akamtazama pia, daftari la faili liko mapajani, limefunikwa. Hakulifungua. Alitaka Mbaluka alitaje kosa kwa mdomo wake mwenyewe. Dakika nzima ikapita, kisha nyingine, watu wamesimama, neema haijasemwa, hakuna anayeweza kutoka.

"Ni langu," Mbaluka akasema hatimaye. "Nilikaa na faili bila kusaini. Mnisamehe."

Ndipo Ndila akafumba macho akasema neema, polepole, kila neno mahali pake. Hajawahi kuisema kwa utamu kama ule, na Mungu amsamehe.

Kufikia saa nne Muthama alikuwa ameshachukua barua ya mwenye nyumba, na manesi wawili wameomba mkopo kwenye sacco mapema. Watu walikasirika, walinung'unika, lakini walijua wafanye nini.

Jioni Ndila alifika nyumbani karibu akikimbia. Mama yake alikuwa uani anapepeta pojo, ameinamisha kichwa upande wa jicho linaloona. Ndila akamsimulia yote, faili, karatasi, neema, Mbaluka akitoa jasho. Alisimulia kama mtu anayeleta nyama nyumbani.

"Ametuomba msamaha mbele ya wote, mwaitu, mama yangu. Nimekulipizia."

Mama akapuliza makapi. "Huyo Mbaluka mimi simjui."

"Ndiye aliyesema Ijumaa!"

"Kwako. Mimi Ijumaa niliambiwa na wewe." Hakuinua sauti. "Ile Ijumaa ya pili ulishajua pesa haziji. Nilikuona usoni. Ungesema hakuna, ningeuza ile mori yetu zizini, nikaenda Kitui."

Ilikuwa kweli. Ya pili Ndila alishajua. Aliona aibu kurudi na mikono mitupu, akasema Ijumaa, kwa tabasamu.

Aliweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye makapi ya pojo, upande ambao mama angemwona.

"Mwaitu," akasema, "kosa lilikuwa langu."