Sabuni ya Mwisho

Miaka ile ya sabini sabuni ilikuwa adimu kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Zaire, lakini kipande chetu cha mwisho nilikiyeyusha kwenye maji ili niue vidukari wa sukuma wiki. Nilichovya kifungu cha nyasi, nikanyunyiza kama padri anavyonyunyiza maji ya baraka. Kesho yake vidukari walikuwa wazima.

Jirani yangu, mama mchuuzi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, alicheka, akasema kwa Kiswahili cha kwao: “Mama, unabariki wadudu! Beko chini ya majani.”

Akageuza jani moja: kweli walikuwako, wamejaa tele. Hasira zilinipanda, ila tuliwafuta kwa vidole mpaka jioni, na viwavi wa kabichi tukawaokota mmojammoja.

Jumapili nilikwenda misani na nguo chafu. Maji ya padri yaliniangukia kwenye kitambaa cha kichwani, nikajiuliza chini yake kumejaa nini.