Kanda namba saba imemliza mwanangu

Jamani, mwenye duka la kukodisha video hapa Nyamirambo amenikasirisha leo!

Nilimwambia wazi: Zawadi wangu ana malaria, anasinzia kila saa. Nipe vichekesho vya kuanzia popote, kila kanda tatizo lianze na liishe hapohapo.

"Chukua namba saba, mama. Zote ziko hivyo."

Uongo! Baba wa kwenye kichekesho kagombana na mkewe, kabeba sanduku, katoka. Halafu wanaandika: itaendelea!

Zawadi analia, hata uji hataki.

Nimerudi dukani mbio. Namba nane iko kwa mteja!

"Basi niambie mwisho."

"Sijaiangalia, mama."

Ebu ona!

Nimemdanganya mtoto kwamba baba alirudi jioni ileile, na mkate. Amekunywa uji.

Wewe mwenye namba nane, ukimwambia vingine tutagombana!