Mtaro Upande wa Kulia

Jumanne ya kwanza ya Aprili mama aliteleza kwenye njia ya kwenda choo, akagonga kichwa kwenye mawe. Hakuamka. Tulimzika kushoto mwa nyumba.

Baba, ambaye macho yake yana ukungu, aliendelea kupita njia ile ile kila magharibi. Sikupata usingizi. Nilinunua taa sita za sola, lakini mparachichi uliziwekea kivuli mchana kutwa. Giza likiingia ziliwaka kidogo, zikafa. Nikamwita fundi wa umeme kutoka Manyatta.

“Dada, tuweke za volti kumi na mbili,” alisema. Transfoma ndogo ya kupunguza nguvu ya umeme ingekaa ukutani ndani ya veranda, isifikiwe na mvua. Waya ungepita ardhini ndani ya paipu, na juu yake utepe wa manjano wa kumwonya mwenye jembe.

Njia inazunguka. Mimi ndiye niliyemwambia akate moja kwa moja, upande wa kulia wa nyumba. Wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa na nilikuwa na haraka.

Mtaro ulipofika katikati, baba alikuja na fimbo yake, akashuka ndani, akasimama.

“Mzee, toka, utaanguka,” fundi alisema.

“Nitoke kwangu niende wapi?”

Fundi akacheka. “Kwako si nyumba ile?”

“Ile nimepanga tu.”

Kwetu, ukitoka mlangoni, mkono wa kulia ni mahali pa kuzikwa mwenye boma.

“Siku yangu vijana watapiga jembe hapa,” baba alisema. “Mtanizika na stima?”

“Volti kumi na mbili haiui mtu, Mzee,” fundi alisema, sasa bila kucheka. “Lakini waya ukikatwa hapa, taa zote za mbele zitazima.”

“Na wageni wa matanga watapita wapi? Kwenye mawe yale yale, gizani?” baba aliuliza.

Matone yakaanza kuanguka. Udongo wa ukingo ulimegeka chini ya kiatu chake, akayumba. Nilimnyoshea mkono, akaukataa.

“Baba, fundi hakujua. Mimi nilijua, na bado nikamwambia achimbe.”

Alinipa fimbo kwanza, kisha mkono.

Tuliufukia mtaro, tukaushindilia. Kesho yake fundi alichimba upya kandokando ya njia, na nilipotia mkono, kina chake kilinifika kwenye kiwiko. Kwa kuwa waya ulikuwa mrefu zaidi, alinunua mnene, taa ya mwisho isije ikafifia. Kila kiungio alikifunga kwenye kisanduku kisichopitisha maji.

Jua lilipozama niliwasha. Taa mpya zote sita ziliwaka sawa. Baba alikataa nimshike. Nilisimama veranda nikihesabu taa alizopita: tatu, nne. Kwenye ya tano aliteleza kidogo. Nikakimbia hatua mbili.

“Kaa huko!” alisema. “Ninaona jiwe.”

Akalizunguka, akaingia chooni, akafunga mlango.